Siku Tano za "Hakuna Kilichobadilika"

Mwanamke aliyetunza robine, bomba la kuchotea, ya kisima kimoja kando ya barabara ya Kinsevere, alikuwa na tabia ya kunitumia jibu kila alipopata ujumbe wetu. "Nimeona, mama." Kila saa ujumbe, kila saa jibu. Siku moja, kabla ya adhuhuri, aliacha kuandika akapiga simu.

"Mama, munaniambia mayi iko muzuri. Mumeniambia saa tatu. Mumeniambia saa ine. Sasa iko saa tano, munaniambia tena. Mayi itabadirika mara ngapi kwa siku?"

Nilicheka, nikamwomba radhi. Alikuwa na haki.

Tulikuwa watu wachache katika ofisi ndogo ya chama cha maji. Visima vyetu vilikuwa kumi na vinne, vyote vya pampu na robine, katika mitaa ambako bomba la mji halifiki au linafika likiwa kavu. Maabara moja ya mjini ilichukua sampuli, ikapima, ikaandika matokeo katika jedwali lililowekwa kwenye mtandao. Kazi yangu ilikuwa programu iliyokaa katika kompyuta ya ofisi, ile yenye betri yake kwa ajili ya kukatika kwa kura, yaani umeme. Kila saa programu ilikwenda kuchukua jedwali, ikatengeneza bulletin, tangazo la hali ya visima, ikaipandisha kwenye ukurasa wetu, kisha ikatuma ujumbe kwa watunza robine wote: kisima hiki kizuri, kile kifungwe.

Kwa hiyo kila saa watu kumi na wanne walisoma maneno yale yale. Mwishowe hawakusoma tena. Mmoja aliniambia amezima mlio wa simu kwa ajili yetu. Nilipomweleza mkuu wangu, mtu mzima mwenye asili ya Kasai, mpole na mwenye kupenda mambo yaliyonyooka, alitikisa kichwa.

"Mutu anayepiga kelele kila saa, siku ya moto hakuna atakayetoka. Fanya iseme tu wakati iko na kitu cha kusema."

Njia ya kufanya hivyo inajulikana na ni rahisi. Ukishachukua data, unaipitisha katika hesabu ambayo inatoa mstari mfupi wa herufi na tarakimu. Data ile ile itatoa mstari ule ule daima. Ukibadilisha hata tarakimu moja, mstari mzima unakuwa mwingine. Ofisini tuliuita empreinte, alama ya kidole. Programu inatunza alama ya mara iliyopita katika faili dogo. Ikirudi saa inayofuata, inalinganisha. Zikifanana, basi jedwali ni lile lile, hakuna haja ya kuchapisha tena. Zikitofautiana, kuna jipya.

Niliandika hayo kwa asubuhi moja, na hayakufanya kazi. Alama ilibadilika kila saa ijapokuwa matokeo hayakubadilika. Nilihangaika siku mbili kabla ya kuona kwamba juu ya jedwali kulikuwa na mstari mdogo: limetolewa tarehe fulani, saa fulani, dakika fulani. Maabara haikuuandika, jedwali lenyewe liliuweka kila lilipoombwa. Kwangu mstari ule haukuwa na maana, lakini kwa hesabu ulikuwa data kama data nyingine. Niliuondoa kabla ya kupiga alama. Nikapanga pia safu kwa namba za visima, maana mara nyingine zilikuja kwa utaratibu mwingine na hilo peke yake lilitosha kugeuza alama.

Baada ya hapo kimya kilishuka. Saa nzima, siku nzima, kwenye kumbukumbu za programu: *Hakuna kilichobadilika. Naacha.* Nilifurahi kama mtu aliyenyamazisha mbwa wa jirani.

Kisha likatokea jambo moja dogo, na jambo hilo ndilo baya. Programu ilikuwa imemaliza kutuma ujumbe, na kabla haijaandika alama mpya kwenye faili, kompyuta ilizimika. Betri ilikuwa imechoka. Ilipowaka, ikaona alama ya zamani, ikadhani kuna jipya, ikatuma tena yote. Watunza robine walipata ujumbe mara mbili. Mama wa barabara ya Kinsevere akaandika: "Imeanza tena?" Niliona haya. Nikafungua programu, nikahamisha mstari mmoja. Badala ya kuchapisha kwanza kisha kuandika alama, sasa iliandika alama kwanza, kisha ikachapisha. Nilijaribu kuizima katikati, haikutuma mara mbili tena. Nilifunga kompyuta nikaenda kununua mkate.

Mstari mmoja tu, na sikumwuliza mtu.

Mvua za mwaka ule zilikuja nzito. Katika mitaa ile vyoo vimechimbwa kila parcelle, kila kiwanja cha nyumba, na mvua ikizidi, maji ya juu na maji ya chini yanakutana. Jumatatu moja fundi wa maabara alikwenda kuchukua sampuli katika kisima kimoja tu, kile cha barabara ya Kinsevere, kwa sababu aliona kidimbwi karibu na msingi wa pampu. Alipata jibu kesho yake, Jumanne, akaliandika kwenye jedwali mchana: vijidudu vya choo, kisima kifungwe.

Hayo niliyajua Jumapili, nikitoka Misa hapa mtaani kwetu Makomeno.

Fundi wa maabara ni mtu wa parokia yetu. Baba yake na babu yangu walifanya kazi pamoja kwenye reli, kwa hiyo tunaitana ndugu ijapokuwa hatuna damu moja. Alinipa mkono mlangoni, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Na ile forage ya mayi ya kwa Kinsevere, mulikwisha kufunga? Bantu ba kuchota mayi hawakulalamika sana?"

"Forage gani?"

Alinitazama. "Ile niliandika mbaya. Jumanne."

"Ndugu yangu, hakuna kisima kibaya. Hatukupata kitu."

"Niliandika. Niliona na macho yangu imebaki kwa tableau."

Alitoa simu yake akafungua jedwali pale pale, watu wakitupita. Safu ya saba. Kifungwe. Kisha mimi nikafungua ukurasa wetu kwenye simu yangu. Kisima cha saba: maji mazuri.

Nilikwenda kando ya ukuta nikapiga simu kwa mama wa robine. Aliitikia kwa furaha, kama kawaida yake. Nyuma yake nilisikia ndoo na sauti za watu.

"Mama, funga robine."

"Juu ya nini? Iko bantu hapa kwa ligne, wanangoja kuchota."

"Mayi haiko muzuri. Laboratoire iliona."

"Hamukutuma message."

"Tulikosa. Funga sasa, mama, nakuomba. Na wale walikwisha kuchota, uwaambie bachemushe."

Nilisikia akisema kitu kwa watu, na mtu mmoja akijibu kwa hasira. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo.

"Iliona lini?"

Hapo ningeweza kusema leo. Nasema hivyo kwa sababu neno lilikuja mdomoni. "Jumanne," nikasema.

"Jumanne," alirudia. Akakata.

Nilikwenda ofisini na nguo za Misa. Kumbukumbu za programu zilikuwa ndefu na nilizisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. *Hakuna kilichobadilika. Naacha. Hakuna kilichobadilika. Naacha.* Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano. Kila saa programu ilikwenda maabara, ikachukua jedwali lenye neno "kifungwe", ikapiga alama, ikalinganisha, ikaona zinafanana, ikarudi kukaa. Nilifika Jumanne, saa tisa ya mchana. Pale kulikuwa na mistari mitatu tofauti. *Alama mpya. Imeandikwa.* Kisha: *Kupandisha ukurasa: muunganisho umekatika.* Programu ilisimama hapo. Ujumbe ulikuwa baada ya ukurasa, kwa hiyo haukufikiwa.

Ile saa ya Jumanne nilikuwa nimeketi mita mbili kutoka kwenye kompyuta ile. Nakumbuka mvua, na nakumbuka mtandao ulipotea kama nusu saa. Tulikunywa chai tukingoja urudi. Uliporudi, saa kumi, programu iliamka, ikachukua jedwali, ikapiga alama, ikafungua faili kuuliza mara ya mwisho ilikuwaje. Na faili, ambalo nilikuwa nimeifundisha programu kuliandika kabla ya kutenda, likajibu kwamba jambo hili tayari linajulikana. Kulikuwa na jipya, jipya lenye kuumiza watu, na programu ilikuwa imelihesabu kama la zamani.

Nilifuta faili la alama. Lilipokosekana programu iliona kila kitu kuwa kipya, ikachapisha, ikatuma. Simu yangu ililia kwa ujumbe wetu wenyewe. Kisima cha saba: kifungwe. Siku tano.

Mkuu wangu alikuja Jumatatu asubuhi, nikamweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili ya mtu anayeelewa: je, visima vingine vilipotea hivyo? Nilikwisha kutazama, hapana, mara zote nyingine muunganisho ulikuwepo. Na je, likitokea leo tena? Nilimwambia nimerudisha mstari mahali pake tangu jana: kwanza kuchapisha, kungoja seva ijibu kwamba imepokea, kutuma ujumbe, kisha tu kuandika alama. Ikikatika katikati, alama inabaki ya zamani na saa inayofuata inajaribu tena.

"Halafu bantu watapata mara mbili," alisema.

"Mara nyingine ndiyo. Afazali mara mbili."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasugua paji la uso.

"Kesho watatuita kule. Mama wa robine amenipigia simu, na chef wa avenue, mukubwa wa barabara yao, pia. Iko bantu wanaharisha, parcelle sita ao saba. Baba ya mama wa robine, yule muzee wa reli, wamemupeleka hôpital, yuko kwa sérum, wanamutia mayi ya dawa kwa mushipa." Akashusha sauti. "Tutasema ni connexion. Ile njo kweli, hapana? Connexion ilikatika."

"Ilikatika nusu saa. Sisi tulinyamaza siku tano."

"Najua. Lakini sikiliza. Ukisema mashini yetu ina kosa, kesho hakuna mutu atafunga robine tukimwambia. Watasema hawa njo walikosa mara ile. Connexion kila mutu anaijua. Hata Mungu asipotujibu tunasema connexion," akajaribu kucheka, hakuweza.

Hakuwa mwongo. Alikuwa akiwaza visima kumi na vitatu vilivyobaki, nami nilikuwa nikiwaza kimoja. Nilimwambia sitamkatiza akisema hivyo, lakini mimi nikiulizwa nitasema nilichofanya. "Basi wewe njo utasema," akasema. "Mimi nitakaa pembeni yako."

Mzee wa reli nilimjua kidogo. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na robine ya binti yake, akihesabu ndoo kwa sauti ili watu wasipitane kwenye mstari. Alikuwa mwenyeji wa kaskazini, na aliniambia mara moja kwamba watoto wake wote aliwasomesha kwa filimbi ya gari moshi. Hakuwahi kupenda ujumbe wa simu. Aliniambia: "Mimi mayi ninaiangaria. Nikiona iko clair, haina takataka, ninakunywa." Maji ya kisima cha saba yalikuwa clair siku zote tano.

Tulikusanyika Jumanne katika uwanja wa parcelle ya mama wa robine, watu kama arobaini, wengine wamesimama barabarani. Robine ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mpira. Mkuu wangu alisalimia, akatoa pole, akanipa nafasi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa Kifaransa, na maneno yote ya Kifaransa yakaniacha. Nilisema kwa Kiswahili, na nilimtazama mama wa robine tu kwa sababu sikuweza kuwatazama wote.

Nilimwambia kwamba tulitengeneza programu isirudie maneno. Kwamba inakumbuka ilichokiona mara ya mwisho, na ikiona kile kile, inanyamaza. Na kwamba Jumanne iliona kisima ni kibaya.

"Iliona?" akauliza. "Kumbe mashini ilikuwa inajua?"

"Ilijua."

"Siku zote ile, Jumatano, Alhamisi, mpaka siku ya Mungu, ilikuwa inajua?"

"Kila saa, mama."

"Na haikusema juu ya nini?"

"Ilifikiri ilikwisha kusema. Iliandika kwamba imesema, kabla haijasema. Mimi njo niliifanya iandike vile."

Mtu mmoja nyuma akasonya. Mwanamke mwingine, amebeba mtoto mgongoni, akauliza kama ni kwa sababu mtandao ulikatika. Nilihisi mkuu wangu akijisogeza kando yangu. Nikasema mtandao ulikatika nusu saa, na kwamba programu nzuri ingengoja na kujaribu tena, yangu haikujaribu. Kulikuwa na kelele kidogo. Kijana mwenye duka la unga akasema afadhali ile zamani, ujumbe kila saa, ulikuwa unachosha lakini ulikuwa unakuja.

Mama wa robine hakupiga kelele. "Mimi njo nililalamika," alisema. "Nilikupigia simu nikasema munanisumbua."

"Hapana, mama. Wewe uliomba kitu cha haki."

"Nilizoea. Simu ikinyamaza, ninajua mayi iko muzuri. Ninafungulia bantu. Ninamupa baba kikombe cha kwanza." Hapo akasimama akaingia ndani, na mkutano ukaisha hivyo, bila mtu kuufunga.

Nimelifikiria neno lake mara nyingi kuliko neno lolote nililoambiwa kazini. Alama ya kidole inaweza kukuambia kwamba data ya sasa na ya zamani ni moja. Haiwezi kukuambia kama ya zamani ilifika kwa watu. Hayo ni maswali mawili, na mimi niliyafanya moja. Na kwa miezi nilikuwa nimewafundisha watu kumi na wanne kusoma kimya chetu kama habari njema, bila kuwaambia kwamba kimya cha programu iliyoona hakuna jipya na kimya cha programu iliyokufa vinafanana kabisa ukivisikiliza kwenye simu.

Nilibadilisha mengi juma lile. Kosa lolote la kupandisha sasa linapiga simu yangu na ya mkuu, badala ya kulala kwenye kumbukumbu. Alama tunayolinganisha nayo ni ya kile kilichopokelewa kweli. Nikaomba pia ujumbe mmoja mfupi kila asubuhi, hata pasipo jipya: tumetazama leo, visima viko kama jana. Mkuu alisita. "Si njo kurudia kule kule?" Nilimwambia bulletin haitarudiwa; hii itasema tu kwamba tuko macho. Akakubali. Asubuhi ya kwanza, watunza robine kumi na wawili waliandika wameona. Mama wa barabara ya Kinsevere hakuandika.

Kisima chake kilisafishwa, msingi wa pampu ukajengwa upya kwa sementi, kikapimwa mara mbili, kikafunguliwa. Watu walirudi kuchota. Hawakuwa na mahali pengine. Wagonjwa walipona, wote niliowafahamu. Mzee alitoka hospitalini baada ya siku nane, akarudi kwenye kiti chake, amekonda, hahesabu tena ndoo kwa sauti. Nilikwenda kumwona. Alinishika mkono akaniuliza kama mimi ni mjukuu wa nani kwenye reli, ijapokuwa nilikwisha kumwambia zamani.

Alifariki miezi mitatu baadaye, mwanzo wa kiangazi. Daktari alisema moyo. Wengine walisema uzee. Hakuna aliyesema maji, si kwangu. Nimejaribu kujiuliza swali hilo kwa haki, kama ninavyojiuliza juu ya programu: nini kilitangulia, nini kilifuata. Sipati jibu, na najua hakuna mtu atakayenipa.

Nilikwenda kwenye kilio. Viti vilikuwa vimepangwa barabarani chini ya hema ya bluu, wanawake wa kwaya ya parokia yao wakiimba, sufuria za bukari, ugali wetu, jikoni nyuma. Nilikaa mbali, na wasiojulikana. Dada mmoja wa marehemu, aliyefika kutoka Lukafu asubuhi ile na mfuko wake bado mkononi, alikuwa akipita kwa kila mtu akisalimia na kuuliza jina na ukoo, kama inavyotakiwa. Alifika kwangu.

"Na weye, mama, uko wa upande gani wa marehemu?"

Sikuwa na upande. Mama wa robine alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani, na tangu nifike hakuwa amenitazama.

"Huyu ni mutu wa mayi," alisema, bila kuinua uso. "Mumupe kiti karibu."

Wakanisogezea kiti. Nilikaa hapo mpaka walipotoka kwenda makaburini.